Wa Pili na wa Tatu Wanapoungana: Jinsi ya Kupima Muungano wa Kampuni

Februari 2000 kampuni ya Heinz ya Marekani ilikubali kuinunua Beech-Nut kwa dola milioni 185 hivi. Zote mbili ziliuza chakula cha watoto wachanga, kile cha kusagwa kinachowekwa kwenye vichupa na kupangwa rafuni supamaketi. Mbele yao kulikuwa na Gerber, iliyoshika asilimia 65 ya mauzo ya nchi nzima. Heinz ilikuwa na 17.4, Beech-Nut 15.4, na waliobaki waligawana makombo. Habari kama hiyo humvuta msomaji pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja anaona soko la watatu likibaki la wawili, na anahofu mzazi ndiye atakayelipa. Upande wa pili anaona wanyonge wawili wakishikana mikono dhidi ya mbabe, na anajiuliza ubaya uko wapi. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupima hofu hiyo na matumaini hayo kwa hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe, kwa kalamu au kwa kikokotoo cha simu. Hoja nitakayoitetea ni hii: katika fahirisi ya Herfindahl, cha kuangaliwa kwanza ni ongezeko linaloletwa na muungano, na ongezeko hilo linaaminika pale tu mipaka ya soko ilipochorwa kwa kufuata mwenendo wa wanunuzi.

Anza na kipimo cha zamani na chepesi, uwiano wa mkusanyiko. Unachukua kampuni kubwa kuliko zote sokoni, kwa kawaida nne, unajumlisha asilimia zao za mauzo, na jibu linaandikwa CR4. Ukichukua tatu ni CR3. Kwa vichupa vya watoto, CR3 kabla ya muungano ni 65 + 17.4 + 15.4, yaani asilimia 97.8. Sasa unganisha Heinz na Beech-Nut. Kampuni mbili za juu zina 65 na 32.8, jumla 97.8, na nafasi ya tatu inakwenda kwa mmoja wa wale wa makombo, ambaye hawezi kuzidi 2.2. Uwiano umesogea kidogo mno, kama kwamba hakuna kilichotokea, ilhali mshindani mmoja kati ya watatu wa maana ametoweka. Huo ndio upofu wa kipimo hiki: kinajua kundi la juu lina kiasi gani, hakijui kiasi hicho kimegawanywaje ndani ya kundi lenyewe. Soko ambalo kampuni nne zina asilimia 20 kila moja, na soko ambalo moja ina 65 na tatu zina 5 kila moja, yote yana CR4 ya 80. Mfanyabiashara yeyote wa jumla anajua kwamba kununua kwenye soko la kwanza na kununua kwenye la pili ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hata hivyo kipimo hicho kiliwahi kuwa na nguvu za kiserikali. Mwongozo wa miungano uliotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 1968 ulisema soko limekusanyika sana pale kampuni nne zinaposhika asilimia 75 au zaidi, na katika soko la namna hiyo hata mwenye asilimia 4 kumnunua mwenye asilimia 4 kulitosha kuwafikisha mahakamani. Bado kina kazi yake: unapokuwa na takwimu za kampuni kubwa tu, na wadogo hawajulikani, CR4 inakupa picha ya haraka ya soko. Itumie kuchagua masoko ya kuchunguza, kisha iweke pembeni unapofika kwenye muungano wenyewe.

Fahirisi ya Herfindahl inaondoa upofu huo kwa hila moja ndogo. Chukua asilimia ya kila kampuni, izidishe kwa yenyewe, halafu jumlisha majibu yote. Soko lenye kampuni moja linapata 100 mara 100, yaani 10,000, na hicho ndicho kilele. Soko lenye wauzaji vumbi, kila mmoja na chembe yake, linakaribia sifuri. Kuzidisha namba kwa yenyewe kunawapa wakubwa uzito mkubwa zaidi: mwenye asilimia 5 anachangia alama 25, mwenye 65 anachangia 4,225. Rudi kwenye yale masoko mawili yenye CR4 ya 80. La kwanza linapata 400 mara nne, yaani 1,600. La pili linapata 4,225 na 75, yaani 4,300, kabla hujahesabu ile asilimia 20 ya wadogo. Tofauti iliyofichwa na uwiano sasa iko wazi. Fahirisi hii ina baba wawili. Albert Hirschman aliitumia mwaka 1945 katika kitabu chake kuhusu nguvu za mataifa na biashara ya nje, ila yeye aliimalizia kwa kutafuta kipeuo cha pili. Orris Herfindahl akaja nayo bila kipeuo mwaka 1950, katika tasnifu yake juu ya viwanda vya chuma. Mwaka 1964 Hirschman aliandika makala fupi kudai mtoto wake, lakini jina la mwenzake lilikwisha kushika. Siku hizi wengi huandika HHI kuwaridhisha wote wawili.

Sasa fanya hesabu ya vichupa. Gerber: 65 mara 65 ni 4,225. Heinz: 17.4 mara 17.4 ni 302.8. Beech-Nut: 15.4 mara 15.4 ni 237.2. Jumla ni 4,765. Waliobaki wana asilimia 2.2, na hata kama wangekuwa kampuni moja tu wangeongeza alama zisizofika 5. Kumbuka mbinu hiyo, kwa sababu mara nyingi utakosa takwimu za wadogo. Chukua sehemu yote usiyoijua, izidishe kwa asilimia ya kampuni ndogo kuliko zote unazozijua, na utapata kiwango ambacho wasiojulikana hawawezi kukivuka. Kama umebakiwa na asilimia 20 na una hakika kwamba hakuna aliye ndani yake anayefika 5, basi hawawezi kuongeza zaidi ya alama 100. Ukitumia Excel, weka asilimia kwenye safu moja na uandike:

```
=SUMSQ(B2:B6)
```

Hakikisha umeandika 65, si 65%. Ukiweka alama ya asilimia, programu inasoma 0.65 na jibu litakuja 0.48 badala ya elfu nne na ushee. Majibu yote mawili ni halali, kwani wachumi wengine hutumia kipimo cha kutoka sifuri hadi moja, lakini ukichanganya vipimo viwili katika ripoti moja umeharibu kazi.

Namba 4,765 ina maana gani kwa mtu wa kawaida? Igawe 10,000 kwa namba hiyo. Jibu ni 2.1. Soko hili, ijapokuwa lina majina matatu makubwa, limejikusanya kama soko la kampuni mbili zinazolingana. Jibu hilo ni rahisi kulieleza mbele ya watu kuliko alama zenyewe, nami hulipendelea kila inapobidi kuzungumza na wasio wachumi.

Tuje kwenye muungano. Heinz na Beech-Nut wakiwa kitu kimoja wana 32.8, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe ni 1,075.8. Hapo awali, kila mmoja peke yake, walichangia 302.8 na 237.2, jumla 540. Ongezeko ni alama 536 hivi. Kuna njia ya mkato inayokuepusha na hesabu yote hiyo: zidisha asilimia za wanaoungana, kisha zidisha kwa mbili. 17.4 mara 15.4 mara 2 ni 535.9. Inafanya kazi kwa sababu muungano haugusi asilimia za wengine, na jumla ya namba mbili ikizidishwa kwa yenyewe huzidi jumla ya vipeo vyao kwa mara mbili ya zao lao, kama tulivyofundishwa kwenye aljebra. Faida yake kwa mchunguzi ni kubwa: ongezeko unaweza kulijua ukiwa na takwimu za kampuni mbili tu, hata kama soko lingine lote ni giza. Hii ni sababu mojawapo ya kulipa ongezeko nafasi ya mbele. Sababu nyingine ni kwamba kiwango cha fahirisi kinaeleza historia ya soko, jinsi Gerber ilivyokua na nani aliyekufa njiani, mambo ambayo wanaoungana hawakuyasababisha. Ongezeko ndilo la kwao.

Muungano huu ulifikishwa mahakamani. Ukiisoma hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Washington ya tarehe 27 Aprili 2001 katika shauri hilo, utakuta asilimia zilezile, lakini fahirisi imeandikwa 4,775 na ongezeko 510. Usishtuke. Asilimia za soko hubadilika kidogo kulingana na kipindi, chanzo na jinsi zilivyokadiriwa. Tofauti ya alama 26 haina uzito wowote pale ambapo kizingiti kilichotumika kilikuwa ongezeko la alama 100 katika soko lililozidi 1,800. Ila ingekuwa 96 dhidi ya 104, usingekuwa na haki ya kusema kizingiti kimevukwa au hakikuvukwa. Ungepaswa kuandika kwamba takwimu zako haziwezi kuamua. Ripoti nyingi huanguka hapo, kwa kutoa jibu kali kutoka kwenye namba laini.

Na vizingiti navyo visikutishe. Marekani ilipoachana na CR4 mwaka 1982 iliweka mistari kwenye 1,000 na 1,800. Mwaka 2010 mistari hiyo ikapandishwa hadi 1,500 na 2,500. Mwaka 2023 ikarudishwa: soko linalozidi 1,800 baada ya muungano, pamoja na ongezeko linalozidi 100, vinatosha kuzua dhana kwamba muungano utadhuru. Ulaya, katika mwongozo wake wa 2004, inasema kwa kawaida haitajisumbua pale fahirisi ikiwa juu ya 2,000 lakini ongezeko likiwa chini ya 150. Mistari inayohamahama hivyo si sheria za maumbile. Ni makubaliano kuhusu nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Ukiwa chini ya mstari, mamlaka ndiyo inayotakiwa kuonyesha madhara. Ukiwa juu, kampuni ndizo zinazotakiwa kuonyesha kwamba hakuna. Muungano wa vichupa ulivuka kila mstari wa fahirisi uliotajwa hapa, kwa mbali, na kwa hiyo Heinz ndiyo iliyolazimika kujieleza.

Kwa msomaji wa Tanzania hapa pana jambo la kutafakari. Sheria ya Ushindani ya 2003, kama ilivyotungwa, inakataza muungano unaojenga au kuimarisha nafasi ya kutawala soko, na miongoni mwa masharti ya kutawala iliweka sehemu ya soko inayozidi asilimia 35. Weka Heinz na Beech-Nut kwenye mizani hiyo. Pamoja wana 32.8. Wasingefika. Muungano ambao fahirisi inaupigia kelele ungepita kimya, kwa sababu kipimo cha sheria kinamtazama anayeungana peke yake, hakimtazami mbabe wa asilimia 65 anayebaki naye uwanjani wawili tu, kila mmoja akijua mwenzake anafanya nini. Kinyume chake, mwenye asilimia 36 akinunua kiduka chenye nusu asilimia angekuwa ameshavuka mstari, ilhali ongezeko la fahirisi ni alama 36 tu. Si kwamba kipimo cha asilimia hakina kazi. Kinampata mbabe anayejiongezea. Lakini ukikitumia peke yake kitakuonyesha nusu ya picha. Mvutano wa saruji ulionyesha uzito wa mstari huo: Tume ya Ushindani iliidhinisha mwaka 2022 mmiliki wa Twiga Cement kununua hisa nyingi za Tanga Cement, na Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likaubatilisha uamuzi huo, huku ile asilimia 35 ikiwa katikati ya ubishi.

Mpaka hapa tumejifanya kama kwamba asilimia zimeshuka kutoka mbinguni. Hazikushuka. Kila asilimia ni kitu kilichogawanywa kwa kitu, na chini ya mstari wa mgawanyo ndipo vita vyenyewe vinapopiganwa. Mfano mzuri kuliko yote ni wa Staples na Office Depot, maduka ya karatasi, kalamu na wino wa printa, yaliyotaka kuungana mwaka 1997. Ukihesabu vifaa vya ofisi vyote vinavyouzwa Amerika Kaskazini na kila muuzaji, kampuni hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na asilimia 5.5 tu. Ongezeko la fahirisi, hata wangelingana sawasawa, lisingefika alama 16, na faili lingefungwa kabla ya chai ya saa nne. Lakini Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilisema soko ni vifaa vya matumizi ya ofisi vinavyouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ofisi, ambayo yalikuwa ya kampuni tatu nchi nzima, na kwamba linapimwa mji kwa mji. Kwa kipimo hicho mji uliokuwa na afueni kuliko yote ulikuwa na fahirisi ya 3,597 kabla hata ya muungano, na katika maeneo 15 ya miji kampuni mpya ingeshika asilimia 100. Kampuni zilezile, mauzo yaleyale. Kilichobadilika ni duara.

Nani alichora duara sahihi? Swali la kujiuliza ni hili. Tuseme wauzaji wote walio ndani ya duara wako chini ya bwana mmoja, naye anapandisha bei kwa asilimia 5 na kuishikilia hapo mwaka mzima. Je, wanunuzi watakaomkimbia ni wengi kiasi cha kuifanya nyongeza hiyo imle yeye mwenyewe? Kama ndiyo, duara ni dogo mno. Ongeza wale wanaokimbiliwa, kisha uliza tena. Kama hapana, umefika. Uzuri wa shauri la Staples ni kwamba jibu lilikuwepo kwenye vitabu vya bei vya kampuni. Pale Staples ilipokuwa peke yake kati ya yale maduka makubwa matatu, bei zake zilikuwa juu kwa asilimia 13 kuliko pale ilipokabiliana na wenzake wote wawili. Katika miji hiyo yote palikuwa na maduka ya kawaida yanayouza karatasi na kalamu, na bado hayakuweza kuizuia. Kalamu ya duka la kawaida inaandika vilevile, lakini ushahidi wa bei ulionyesha kwamba haishindani vya kutosha. Jaji alikubali, na muungano ukazuiwa. Nawe usichore duara kwa kutazama bidhaa zinafananaje. Tafuta mahali ambapo mshindani aliingia au aliondoka, kisha tazama bei ilifanya nini.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuitegemea fahirisi linatoka hapohapo, na mawakili wa Heinz walilitumia kwa ustadi. Supamaketi nyingi za Marekani ziliweka chapa mbili tu za vichupa: Gerber, iliyokuwa kwenye zaidi ya asilimia 90 ya maduka, na nyingine moja, ama Heinz ama Beech-Nut. Heinz ilipatikana kwenye asilimia 40 hivi ya maduka, Beech-Nut kwenye 45 hivi, na zilikutana rafu moja kwa nadra. Mzazi aliyesimama dukani hakuwa akichagua kati ya Heinz na Beech-Nut. Alichagua kati ya Gerber na yule wa pili aliyemkuta. Kwa hiyo, walisema, ongezeko la fahirisi linapima ushindani usiokuwepo. Hoja hii ina uzito, na hesabu ya nchi nzima peke yake haiijibu. Jibu liko nyuma ya duka. Kabla vichupa havijafika rafuni, Heinz na Beech-Nut zilipigania nafasi ile ya pili kwa kuwalipa wenye supamaketi ada na kuwapa mapunguzo. Kadiri walivyolipa zaidi, ndivyo duka lilivyopata nafuu ambayo sehemu yake inaweza kumfikia mzazi. Wakiungana, nafasi ya pili ina mgombea mmoja, na mgombea mmoja hana sababu ya kulipa ada ya kugombea. Mahakama ya Rufaa iliona ushindani huo wa jumla unatosha. Jifunze hapa kutaja mnunuzi ni nani kabla ya kutaja asilimia: mnunuzi wa kwanza wa kiwanda ni duka, si mama mwenye mtoto.

Pingamizi la pili ni lile la wanyonge wawili, nalo limesikika pia Nairobi, Airtel Kenya na Telkom Kenya zilipotangaza Februari 2019 kwamba zitaungana mbele ya Safaricom, iliyoshika zaidi ya nusu ya laini za simu nchini. Mpango ule ulivunjika Agosti 2020 kampuni zilipojiondoa zenyewe. Wanaotetea wazo la wanyonge kuungana wana haki ya kulalamikia fahirisi kwa jambo moja: kwa asilimia za jana, fahirisi haiwezi kushuka kwa sababu ya muungano. Mara mbili ya zao la namba mbili chanya daima ni chanya. Kipimo kisichoweza kamwe kusema "muungano huu umesaidia" hakiwezi kuwa hakimu wa mwisho. Hilo nalikubali. Lakini linabadilisha anayetakiwa kuzungumza, halifuti swali. Anayesema wadogo wakiungana watashindana vikali zaidi anasema, kwa lugha ya fahirisi, kwamba baada ya miaka michache mkubwa atakuwa ameporomoka kiasi cha kuishusha fahirisi tena. Basi mwambie afanye hesabu. Gerber ingepaswa kushuka hadi wapi ili fahirisi irudi 4,765? Katika soko la wawili wanaogawana asilimia 97.8, haiwezekani: hata wakigawana nusu kwa nusu, 48.9 kila mmoja, fahirisi ni 4,782, bado juu kidogo ya ilipoanzia. Faida yote ya muungano ingepaswa kuja kupitia gharama na ubora, bila msaada wowote kutoka kwenye mgawanyo wa soko.

Ndiyo maana Heinz ilizungumzia gharama. Kiwanda chake cha Pittsburgh kilikuwa cha kisasa, cha Beech-Nut kilikuwa cha zamani chenye kazi nyingi za mikono. Kuhamishia uzalishaji Pittsburgh kungepunguza kwa asilimia 43 gharama za kugeuza mali ghafi ya Beech-Nut kuwa bidhaa. Namba hiyo inapendeza mpaka uulize ni asilimia 43 ya nini. Ni ya sehemu ya gharama, si gharama zote, na ni ya vichupa vya Beech-Nut, si vya kampuni nzima mpya. Ukisikia ahadi ya namna hii, ishushe hadi ifike kwenye senti za kichupa kimoja kinachouzwa na kampuni iliyoungana, kisha uliza swali la pili: faida hii haipatikani bila kuungana? Heinz ilidai pia itanufaika na mapishi bora ya Beech-Nut, na majaji wakauliza kwa nini isitumie fedha zake kuboresha mapishi yake yenyewe. Jaji wa awali alizipokea hoja za gharama na kukataa kuuzuia muungano. Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba pale mkusanyiko unapokuwa mkubwa hivi, nafuu ya gharama lazima iwe ya kipekee na ithibitishwe kwa takwimu, ikatengua uamuzi, na kampuni zikaachana.

Limebaki pingamizi moja ambalo naliona ndilo gumu kuliko yote, ingawa halipigiwi kelele. Fahirisi inatumia mauzo ya jana kubashiri nguvu ya kesho. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuuvunja muungano wa makaa ya mawe wa kampuni ya General Dynamics, ijapokuwa asilimia za uzalishaji zilitisha. Kampuni iliyonunuliwa ilikuwa imekwisha kuahidi makaa yake kwa mikataba ya muda mrefu, na akiba ya ardhini isiyouzwa ilikuwa ndogo. Ilizalisha sana, lakini haikuwa na cha kushindania zabuni za kesho. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha namba yoyote, amua ni kipimo gani kinachobeba ushindani katika biashara hiyo. Kwa makaa ni akiba isiyo na mkataba. Kwa saruji, ambayo ni nzito na nafuu na kusafirishwa kwake hula faida haraka, uwezo wa kiwanda na umbali wake kutoka kwa mnunuzi vinaweza kusema zaidi kuliko tani zilizouzwa mwaka jana. Kwa simu, laini zilizosajiliwa zinaweza kutoa picha tofauti na mapato, kwa kuwa mtu mmoja ana laini tatu na anatumia moja. Piga hesabu kwa vipimo viwili. Vikikubaliana, endelea. Visipokubaliana, tofauti yenyewe ndiyo ya kuandika kwanza kwenye ripoti.

Na unapoandika, usiache fahirisi ikae peke yake kwenye mstari. Iandike pamoja na duara ulilochora na sababu yake, kipimo cha asilimia, mwaka wa takwimu, fahirisi kabla na ongezeko, na kiwango cha juu ambacho wasiojulikana wangeweza kukiongeza. Kwa vichupa ingesomeka hivi: chakula cha watoto wachanga cha vichupa, Marekani nzima, kwa asilimia za mauzo zilizotajwa katika hukumu ya 2001, Herfindahl kabla 4,765, wadogo hawaongezi zaidi ya 5, ongezeko 536, ushindani unaopotea ni wa kugombea nafasi ya pili kwenye rafu, na wanaoupoteza ni wenye supamaketi kabla ya wazazi.